Flati ya Kisumu isiyolipa: kuuza, kurekebisha, kununua bedsita ama kuweka bondi?

Watu wengi wakitaka kujua kama nyumba ya kupangisha inalipa wanachukua renti ya mwaka wanagawa kwa bei waliyonunua, halafu wanaona asilimia nzuri wanatulia, ama wanaona mbovu wanakimbia kutafuta ajenti wa kuuza. Zote mbili si sawa. Bei uliyonunua imeshapita na hauwezi kuirudia, na bei ya sokoni nayo si pesa utakayoshika mkononi manake katikati yake na mfuko wako kuna ajenti, wakili na KRA. Namba ya kugawia ni moja tu, ile pesa itakayobaki kwa akaunti yako siku ya mwisho kila mtu akishalipwa. Hiyo ndio uko nayo ndani ya nyumba kikweli, na hiyo ndio utaenda nayo kwingine.

Nitaweka mfano mmoja nifanye nao mpaka mwisho. Ni flati ya shemeji yangu, vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu mtaa wa Tom Mboya hapa Kisumu. Namba nimezizungusha kidogo ndio zisomeke. Alinunua 2016 kwa milioni 3.6 na sasa amepata mtu wa milioni 5.2. Renti ni elfu 30 kwa mwezi, na ukimuuliza atakwambia inaleta elfu 360 kwa mwaka.

Haileti 360. Kila mwaka inakaa tupu kama miezi miwili, mpangaji akihama huchukua muda kupata mwingine, kwa hivyo kinachoingia ni elfu 300. Hapo toa sevis chaji ya elfu 4 kwa mwezi, na hii hulipwa hata nyumba ikiwa tupu, mwaka mzima inafika 48,000. Ajenti wa kukusanya renti huchukua asilimia 8 ya kilichoingia, 24,000. Ukarabati, yaani fundi wa mabomba, kitasa, rangi kila mpangaji akitoka, weka 40,000 (mwaka mwingine ni 15 na mwingine ni 70, lakini ukiandika sifuri unajidanganya). KRA wanachukua asilimia 7.5 ya renti yote iliyoingia, hawajali umetumia ngapi kurekebisha, hiyo ni 22,500. Malipo ya ardhi na vitu vidogo 5,500. Jumla ya matumizi 140,000, kinachobaki ni 160,000.

Hiyo ya asilimia 7.5 ndio kodi ya kila mwezi ya nyumba za kuishi, ya wale ambao renti zao zote pamoja kwa mwaka ziko kati ya 288,000 na milioni 15, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ilikuwa 10 mpaka mwisho wa 2023. Ukiona hesabu ya mtu bado imeandika 10 ujue ameikopi mahali.

Sasa tuuze, kwa karatasi tu kwanza.

Milioni 5.2. Ajenti wa kuuza tuseme asilimia 3 na VAT ya 16 juu yake, inakuja kama 181,000. Wakili wako, nimeweka asilimia 2 pamoja na VAT, 121,000 hivi, ulizia wako mapema akuandikie kabisa. Kupaka rangi ndio nyumba ionekane, kumaliza madeni ya sevis chaji, kupata cheti cha kaunti cha kuonyesha haudaiwi malipo ya ardhi, 48,000. Halafu kuna ile ambayo watu husahau mpaka wakili awaambie, kodi ya faida ya kuuza mali. Kuanzia Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ilikuwa 5 tangu 2015, kwa hivyo hesabu ya jirani yako aliyeuza 2021 usiitumie. Na anayelipa ni wewe muuzaji, mnunuzi yeye ana ushuru wake wa stempu.

Hapa kwa faida panahitaji utulivu kidogo, manake ndio mahali peke yake pa kuokoa pesa kihalali bila kubishana na mtu. Faida si 5.2 toa 3.6. Unaruhusiwa kutoa pia ulicholipa wakati wa kununua, yaani stempu na wakili, kwa shemeji ni kama 230,000, na kilichoongeza thamani ya nyumba yenyewe, yeye aliweka kabati za jikoni na taili za 170,000. Kwa hivyo gharama yake ni milioni 4. Toa tena ajenti na wakili wa kuuza, 302,000. Faida inayotozwa inabaki 898,000 na kodi yake ni 134,700. Lakini hiyo 230 na 170 lazima uonyeshe karatasi, risiti, stempu iliyolipwa. Ukikosa, faida inaongezeka 400,000 na kodi inaongezeka 60,000, hiyo ni miezi miwili ya renti imeenda kwa sababu ya faili lililopotea. Na rangi ya kawaida haihesabiki, hiyo ni ukarabati, haijaongeza thamani kwa macho ya KRA. Tena ile nafuu ya nyumba uliyoishi miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza haikuhusu kama nyumba ilikuwa ya wapangaji.

Jumla ya kutoka ni kama 485,000. Mkononi anabaki na milioni 4.715. Depositi ya mpangaji usiihesabu hapo, hiyo ni ya mpangaji, itaenda kwa mnunuzi ama irudi kwake.

Basi 160,000 gawa kwa 4,715,000, unapata asilimia 3.4. Hiyo ndio flati inakulipa leo. Ukigawa kwa 3.6 ingeonekana 4.4, na ukiamini ile 360 ya mdomo ungeona 10. Ni nyumba ileile, namba tatu tofauti.

Asilimia 3.4 ni mbovu, hilo sipingi. Lakini kabla haujalinganisha na bedsita ama bondi linganisha na flati hiyohiyo ikiwa imerekebishwa. Watu wanaruka hii hatua na mimi naona ndio kubwa kuliko zote. Uliza kwa nini wapangaji wanatoka. Ya shemeji jibu lilikuwa maji. Maji ya KIWASCO yakija kwa presha ndogo hayafiki ghorofa ya tatu mchana, tangi la juu ni dogo na linagawanywa na nyumba zote, mpangaji anajaza madumu usiku, akichoka anahama. Mpangaji wa mwisho alimwambia wazi, "Landilodi, nyumba ni nzuri lakini siwezi kuamka saa nane usiku kukinga maji na kesho niko kazini." Tangi lake la lita 1,000 pamoja na pampu ndogo na fundi ni kama elfu 60, kama wenye jengo wakikubali liwekwe juu, na hilo lipate kwa maandishi. Maji yakikaa sawa naona tupu ikishuka kuwa mwezi mmoja na renti ikipanda mpaka 32,000. Hiyo ni 352,000 badala ya 300,000. Ukitoa ajenti na KRA kwa hiyo nyongeza unabaki na 44,000 zaidi kila mwaka, jumla safi ni 204,000. Elfu 60 inaleta 44 kwa mwaka! Hakuna bedsita wala bondi itakupa hiyo, na haujalipa wakili hata shilingi.

Flati sasa iko kwa asilimia 4.3 ukihesabu na hiyo pesa ya tangi. Hii ndio namba ya kushindana nayo. Ukilinganisha bedsita na flati iliyoachwa kuharibika, bedsita itashinda kila mara na utauza kwa sababu ambayo fundi angeimaliza kwa wikendi moja.

Tuje kwa bedsita. Milioni 4.715 haikununulii kitu cha milioni 4.715. Stempu ni asilimia 4 mjini na 2 nje ya mji, na inahesabiwa kwa thamani ya mthamini wa serikali, akisema ploti ina thamani kuliko ulivyolipa basi utalipa kwa yake. Weka wakili wa kununua na VAT, weka kutafuta hati kwa ofisi ya ardhi, mpima wa kuthibitisha mipaka. Yote inafika 315,000 hivi, unabaki na bei ya milioni 4.4. Simama hapo uangalie: ulikuwa na nyumba ya 5.2, umetembea tu kutoka mlango huu hadi ule, sasa una nyumba ya 4.4. Laki nane zimebaki njiani. Ni kweli ile kodi ya faida ungekuja kuilipa siku moja hata ukingoja, hiyo imesogezwa mbele tu, lakini hizo zingine zote ni za hii safari.

Kwa 4.4 tuseme unapata bedsita sita upande wa Nyamasaria ama Mamboleo, kila moja 7,000. Ajenti atakuandikia 504,000 kwa mwaka, asilimia 11 na nusu, na utaipenda. Toa chumba kinachokaa tupu na yule wa kusema "nitakutumia Ijumaa", kinachoingia ni 440,000. Keateka 5,000 kwa mwezi, 60,000. Gari la kunyonya choo, 24,000. Stima ya kwa ngazi na maji ya kawaida 18,000. Ukarabati 50,000, manake watu sita tofauti wanatumia vyoo sita na masinki sita. Wa kukusanya renti 35,200. KRA 33,000. Malipo ya ardhi kama 6,800. Unabaki na 213,000. Gawa kwa 4.715, asilimia 4.5.

Kwa hivyo bedsita zinashinda flati iliyorekebishwa kwa elfu 9 kwa mwaka. Elfu tisa, baada ya kuacha laki nane barabarani. Hata ukilinganisha na flati mbovu ya 160, nyongeza ni 53,000, na kurudisha laki nane kwa 53 kila mwaka ni miaka 15. Najua kuna watu bedsita zimewatoa na sisemi ni biashara mbaya. Mwenye ploti yake akajenga mwenyewe hesabu yake ni nyingine kabisa, na anayekaa palepale akakusanya mwenyewe anaokoa keateka na ajenti karibu laki moja. Mimi naongea na mtu anayeuza kitu ili anunue kitu kilichoshajengwa na mtu mwingine.

Na ukiamua bado unazitaka, nenda uzione mwezi wa nne mvua ikinyesha. Upande wa Nyamasaria udongo ni ule mweusi unaoshika maji, shimo la choo ambalo Januari linanyonywa mara moja kwa miezi mitatu linaweza kujaa kwa wiki mbili, na muuzaji hakuletei mnunuzi wiki hiyo. Angalia ukuta wa nyuma kwa chini, kama rangi ni mpya kwa futi moja ya chini tu na juu ni ya zamani, maji yalifika hapo. Halafu ongea na wapangaji wenyewe uwaulize wanalipa ngapi, usiangalie kitabu cha renti, manake kitabu kinaweza kuandikwa kikawa kizuri wiki moja kabla ya wewe kuja.

Bondi za serikali ndio zinaleta shida ya kweli kwa flati. Unafungua akaunti ya Benki Kuu kwa mtandao wake wa DhowCSD, kuanzia elfu 50 unaingia, hakuna stempu, hakuna wakili, milioni 4.715 yote inafanya kazi. Riba hubadilika kila mnada kwa hivyo weka ile utakayoikuta, mimi nitatumia 11 kama mfano. Bondi ya miaka 10 na kuendelea hukatwa kodi ya asilimia 10 kwa riba, ya chini ya hapo hukatwa 15. Kwa 11 unapata 518,650, ukikatwa unabaki na kama 467,000 kwa mwaka. Hakuna mpangaji, hakuna choo.

467 na 204, si ni wazi auze? Ingekuwa wazi kama nyumba haipandi bei. Ya shemeji imetoka 3.6 ikafika 5.2 kwa miaka tisa hivi, hiyo ni kama asilimia 4.2 kila mwaka. Tukisema itaendelea hivyo, mwaka ujao flati inaongeza 218,000 ya thamani ambayo hauioni kwa M-Pesa lakini iko. Na bondi ya 4.715 mwisho wa miaka kumi itarudi 4.715, bei ya unga ikiwa mahali pengine.

| | Pesa safi kwa mwaka | Thamani ikipanda 4.2% | Jumla |
|---|---|---|---|
| Flati ilivyo | 160,000 | 218,000 | 378,000 |
| Flati na tangi | 204,000 | 218,000 | 422,000 |
| Bedsita sita | 213,000 | 185,000 | 398,000 |
| Bondi ya 11% | 467,000 | 0 | 467,000 |

Angalia vile pengo limepungua. Bondi bado iko juu kwa 45,000, lakini riba ikiwa 10 inaleta 424,000, ni sawa na flati yenye tangi, na ikiwa 9 inaleta 382,000, flati inashinda. Kwa hivyo kwa hii nyumba mpaka uko karibu na asilimia 10. Upande wa pili nao, nyumba za huo mtaa zikipanda asilimia 2 tu badala ya 4.2, flati yenye tangi inashuka hadi 308,000 na bondi inaiacha mbali. Hizo ndio namba mbili za kubishania, riba ya mnada na bei za mtaa wako, sio "nyumba ni nzuri" ama "serikali ni serikali". Na bei za mtaa usizichukue kwa matangazo, tafuta flati mbili tatu kwa jengo lenu zilizouzwa kweli uulize ziliandikwa ngapi kwa mkataba.

Kitu kimoja kuhusu kula riba. Ukila 467 yote, pesa yako inanywea. Bei za vitu zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, na hiyo ndio katikati ya lengo la serikali la 2.5 hadi 7.5, inabidi urudishe kama 236,000 kwa bondi zingine ndio usirudi nyuma. Ya kula bila wasiwasi inabaki 231,000. Flati inakupa ya kula 204,000 huku mwili wake ukijaribu kupanda wenyewe. Tofauti ni kama elfu 27, na hiyo elfu 27 bondi inakupa zaidi bila kusumbuliwa na mpangaji.

Mimi ningeamua hivi. Mwenye kuhitaji pesa ya kutumia kuanzia sasa, karo ya mtoto wa chuo, mzazi wa kutibiwa, amestaafu na pensheni ni ndogo, auze aende bondi bila kuangalia nyuma, manake thamani inayopanda hailipi karo. Asiyehitaji aweke tangi kwanza na aipe nyumba mkataba mmoja wa mpangaji, mwaka mzima. Kuuza ili ununue nyumba nyingine iliyoshajengwa ndio ningeiweka mwisho kabisa, isipokuwa hiyo mpya inakupa angalau asilimia mbili safi juu ya ya zamani iliyorekebishwa, hapo 4.715 inaleta elfu 94 zaidi na laki nane zinarudi kwa miaka 8 na nusu, bado ni mingi lakini unaweza kuiona.

Kuna flati ambazo hata hesabu sitaifanya ndefu hivi, nauza. Ya kwanza ni kama tatizo haliko kwa nguvu zako, wenye jengo wamegombana, sevis chaji hailipwi na nusu, paa linavuja na hakuna wa kuitisha mkutano. Hapo tangi lako halisaidii na kila mwaka bei inashuka. Ya pili ni kama faida ni ndogo, ulinunua 5 unauza 5.2, kodi ya faida inapotea kabisa ukitoa gharama na kutoka kunakuwa rahisi. Ya tatu ni kama hati haijabadilishwa kuwa ya kila flati kivyake chini ya sheria ya 2020 na wenzako hawataki kuchangia, manake mnunuzi wa benki atakuwa mgumu, na ukipata mwenye kashi leo usimwache aende.

Shemeji ameamua tangi. Tumeandika namba moja tu ya kuangalia mkataba wa mpangaji mpya ukiisha: kama pesa safi haijafika 200,000 flati inaenda kwa ajenti, na wakili ataitwa kabla ya ajenti. Kawaida mnunuzi huweka asilimia 10 wakati wa kutia sahihi halafu mnakaa siku 90 hivi kungoja karatasi, na kama cheti cha kaunti, karatasi ya sevis chaji na risiti za 2016 haziko tayari hizo 90 zinakuwa 150, mpangaji anasikia nyumba inauzwa anahama, na flati inakaa tupu miezi mitano ambayo hakuna mtu aliiandika kwa hesabu.